ARRAYFORMULA inapokoma njiani: kichwa cha safu, mstari wa jumla na mistari inayoongezwa

Katika mwongozo huu wa ARRAYFORMULA ya Google Sheets, neno «safu» lina maana ya seli zinazoshuka chini, kama safu A au safu B, na neno «mstari» lina maana ya seli zinazokwenda kando, kama mstari wa 1 au wa 2. Ninaanza na ufafanuzi huo kwa sababu karibu kila kosa tutakalolichunguza linatokana na swali moja: fomula inaanza kuhesabu kutoka mstari upi, na mstari huo unapoongezewa mwenzake, hesabu inabaki pale pale au inasogea?

Tuchukue daftari dogo la maagizo. Safu A ina tarehe, safu B ina idadi, safu C ina bei ya kimoja, na safu D inatakiwa kutoa thamani, yaani idadi mara bei. Mstari wa 1 ni vichwa: Tarehe, Idadi, Bei, Thamani. Maagizo yenyewe yanaanzia mstari wa 2 hadi wa 20, na mstari wa 21 una jumla kuu. Mstari wa 2 una idadi 12 na bei 350, kwa hiyo thamani yake ni 4200. Mstari wa 3 una 5 na 1200, thamani 6000. Mstari wa 4 una 8 na 275, thamani 2200. Mwenye daftari amechoka kuburuta fomula kila agizo jipya linapoingia, basi anaandika fomula moja katika D2 akitarajia ijitandaze yenyewe hadi chini:

```
=ARRAYFORMULA(B2:B*C2:C)
```

Badala ya thamani, D2 inaonyesha `#REF!`, na seli za D3 hadi D20 ni tupu.

Kwanza soma ujumbe wa kosa

Weka kielekezi juu ya seli yenye kosa na usome maneno yanayotokea, kwa sababu `#REF!` hapa haina maana ile ya kawaida ya seli iliyofutwa. Utakuta maneno haya:

```
Array result was not expanded because it would overwrite data in D21.
```

Maana yake ni kwamba matokeo yalitaka kujitandaza, yakakuta seli D21 ina kitu, na Google Sheets ikakataa kukifuta kitu hicho ili ipate nafasi. Inakataa yote kwa pamoja. Haijazi D2 hadi D20 kisha ikasimama. Ndiyo maana kizuizi kimoja kilicho mbali chini kinatosha kuifanya safu yote iwe tupu, na mtu anayetazama juu tu haoni kosa liko wapi.

Katika daftari letu kizuizi kinaonekana wazi, nacho ni jumla kuu. Mara nyingine hakionekani. Nafasi moja iliyoandikwa kwa bahati mbaya ni data. Kisanduku cha kuweka tiki ni data hata kama hakijawekwa tiki, kwa sababu ndani yake kuna `FALSE`. Fomula za zamani zilizoburutwa na kusahaulika ni data pia, hata zinaporudisha maandishi matupu. Ujumbe hutaja seli moja tu, kwa hiyo ukiifuta hiyo unaweza kutajiwa nyingine, kisha nyingine tena. Njia fupi ni kusimama kwenye seli iliyo chini ya fomula, kuchagua safu hadi mwisho wa laha, na kubonyeza `Delete` mara moja, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna unachokihitaji humo.

Suluhisho linalovutia na linalodanganya

Mwenye daftari haoni sababu ya kuondoa jumla kuu, kwa hiyo anafupisha eneo:

```
=ARRAYFORMULA(B2:B20*C2:C20)
```

Kosa linatoweka na thamani zote 19 zinatokea. Nimeona watu wengi wakiishia hapa, nami niliwahi kuishia hapa, na ninaihesabu hali hii kuwa mbaya kuliko ile ya kwanza. Kosa jekundu humfanya mtu asimame aangalie, lakini fomula iliyofupishwa hukaa kimya hadi siku ya kuongeza mstari.

Siku hiyo agizo jipya linakuja. Mwenye daftari anabofya kulia kwenye mstari wa 21, anachagua kuingiza mstari juu yake, na anaandika idadi na bei katika mstari mpya. Jumla kuu imesukumwa hadi mstari wa 22, na D21 iko tupu. Google Sheets hurefusha eneo pale tu mstari unapoingizwa katikati ya mipaka yake. Ukiingiza mstari kati ya wa 10 na wa 11, `B2:B20` itageuka kuwa `B2:B21`, na kila kitu kitakwenda sawa. Lakini mstari uliowekwa baada ya wa 20 uko nje ya mpaka, na fomula haina sababu ya kuujua. Hapo ndipo watu husema kwamba ARRAYFORMULA «imeacha kujitandaza», ilhali fomula inafanya kile ilichoambiwa: ihesabu mistari 19, isimame.

Dawa yake ni kuacha mwisho wazi, `B2:B`, na ukifanya hivyo safu D haiwezi tena kubeba jumla kuu chini. Ni lazima jumla ihame. Iweke kando, kwa mfano katika F1, au katika laha nyingine:

```
=SUM(D:D)
```

Nimeandika `D:D` kwa makusudi, si `D2:D`. SUM huruka maandishi, kwa hiyo kichwa «Thamani» hakiisumbui, na tutaona baada ya muda mfupi kwa nini `D2:D` ni hatari.

Kichwa kinapoingia ndani ya eneo

Baada ya kuondoa mpaka wa chini, wengine huamua kuondoa na wa juu pia, wakiandika safu nzima:

```
=ARRAYFORMULA(B:B*C:C)
```

Ikiandikwa katika D1, matokeo ya kwanza ni `#VALUE!`, kwa sababu fomula inajaribu kuzidisha neno «Idadi» kwa neno «Bei». Ujumbe wake unasema hivyo wazi:

```
Function MULTIPLY parameter 1 expects number values. But 'Idadi' is a text and cannot be coerced to a number.
```

Kosa hili halizuii mistari mingine. D2 na kuendelea zina thamani sahihi. Linachoharibu ni kichwa, na pia SUM iliyoko F1, ambayo huruka maandishi lakini hairuki makosa, na hivyo nayo hugeuka kuwa `#VALUE!`.

Ikiandikwa katika D2 ili kichwa kibaki, mambo huwa magumu zaidi. Matokeo ya kwanza ya fomula ni ya mstari wa 1, lakini yanaandikwa katika D2. Ya mstari wa 2 yanaandikwa katika D3. Kila thamani imeshuka mstari mmoja chini ya mahali pake. Katika daftari letu, matokeo yakipata nafasi, D2 itakuwa `#VALUE!` na D3 itakuwa 4200, wakati mstari wa 3 unapaswa kuwa na 6000.

Kisha linakuja tatizo la nafasi. Laha mpya ina mistari 1000. Safu B nzima ina seli 1000, kwa hiyo matokeo ni 1000, lakini kuanzia mstari wa 2 zimebaki seli 999 tu. Google Sheets hujaribu kuongeza mistari ili matokeo yaenee, lakini mstari ukiongezwa, safu B nayo inarefuka, na fomula inadai mwingine tena. Mbio hizo hazina mwisho wake. Dalili ni laha iliyorefuka ghafla bila wewe kuongeza kitu, kazi inayokwenda polepole, na ujumbe huu:

```
Result was not automatically expanded, please insert more rows (1).
```

Usitii ushauri wa ujumbe huo hapa. Kuongeza mistari hakusaidii, kwa kuwa pengo la mstari mmoja litabaki daima. Sababu ni kwamba eneo linaanza mstari wa 1 na fomula inaanza mstari wa 2. Kanuni ya kushika ni hii: mstari wa kwanza wa eneo na mstari ilipo fomula viwe kimoja. Fomula iliyo D2 isome kuanzia B2, na fomula iliyo D1 isome kuanzia B1.

Kuihamishia fomula kwenye kichwa

Kanuni hiyo inatimizwa na `=ARRAYFORMULA(B2:B*C2:C)` katika D2, na kwa daftari lisilopangwa upya kamwe ingetosha. Lakini mstari wa 2 ni mstari wa data kama mingine. Ukipanga maagizo kwa tarehe, fomula husafiri pamoja na mstari wake hadi ulipopelekwa. Ukifuta agizo la kwanza kwa kufuta mstari mzima, fomula inafutwa nalo. Ukiingiza mstari juu yake, fomula inasukumwa D3 na agizo jipya linabaki bila thamani. Mahali salama ni mstari wa 1, ambao haupangwi wala haufutwi.

Namna iliyoenea ya kuiweka pale ni kuunganisha kichwa na matokeo ndani ya mabano ya mawimbi:

```
={"Thamani"; ARRAYFORMULA(IF(B2:B="",,B2:B*C2:C))}
```

Ikiwekwa D1, inafanya kazi vizuri siku ya kwanza. Sehemu ya `IF` inaacha seli tupu pale ambapo hakuna idadi, ili safu isijae sifuri hadi mwisho wa laha. Lakini tazama kinachotokea mtu anapoingiza mstari mpya mara chini ya kichwa, jambo ambalo wanaopenda kuona agizo la karibuni juu hulifanya kila siku.

Agizo jipya lina idadi 3 na bei 900. Mstari wake sasa ni wa 2, na yale ya zamani yameshuka. Google Sheets, ikifuata seli zilizosogea, inabadilisha `B2:B` kuwa `B3:B` ndani ya fomula. Kichwa kiko D1, na matokeo yanafuata mara chini yake kuanzia D2, lakini matokeo ya kwanza sasa ni ya mstari wa 3. Kwa hiyo D2, iliyo kando ya 3 na 900, inaonyesha 4200 badala ya 2700. D3, iliyo kando ya 12 na 350, inaonyesha 6000 badala ya 4200. D4 inaonyesha 2200 kando ya 5 na 1200. Hakuna rangi nyekundu popote. Kila seli ina tarakimu inayoaminika, na kila moja ni ya jirani yake. Jumla kuu nayo imepungukiwa na 2700 ya agizo jipya.

Kosa kama hili liliwahi kunipita kwa wiki kadhaa katika daftari nililokuwa nikilitunza, na lilionekana tu mtu alipozidisha mstari mmoja kwa kikokotoo. Tangu hapo situmii namna hiyo katika daftari lolote ambalo mtu mwingine anaweza kuingiza mistari. Majibu ya Google Forms yana hatari ile ile: kila jibu huingia kwa kuingizwa mstari mpya, na pale majibu ya zamani yanapofutwa yote, jibu la kwanza linaloingia chini ya kichwa linaweza kusogeza `B2:B` vivyo hivyo. Na ndiyo sababu vilevile nilikataa `SUM(D2:D)`, kwa kuwa nayo ingegeuka `D3:D` na kuacha agizo jipya nje.

Namna isiyosogea ni kuanza eneo kwenye mstari wa kichwa chenyewe, na kuiambia fomula kwamba ikiwa iko kwenye mstari huo iandike neno, isizidishe:

```
=ARRAYFORMULA(IF(ROW(B1:B)=1,"Thamani",IF(B1:B="",,B1:B*C1:C)))
```

Ipitie polepole. `ROW(B1:B)` inatoa namba ya kila mstari. Kwenye mstari wa 1 sharti ni kweli, hivyo «Thamani» inaandikwa, na kosa la kuzidisha «Idadi» kwa «Bei» halionekani kwa sababu tawi lile halikuchaguliwa kwa mstari huo. Kwenye mistari mingine, idadi isipokuwepo seli inaachwa tupu, ikiwepo inazidishwa. Sasa kichwa kimo ndani ya eneo, lakini kimo kwa idhini. Ukiingiza mstari kati ya wa 1 na wa 2, mstari huo uko katikati ya `B1:B`, mwanzo wake hausogei, na agizo jipya linapata 2700 yake papo hapo.

Kama daftari lako lina kichwa cha habari juu na majina ya safu yako mstari wa 3, andika fomula katika D3, badilisha kila `B1:B` na `C1:C` kuwa `B3:B` na `C3:C`, na sharti liwe `=3`.

Kuiweka mahali pake, hatua kwa hatua

Fanya kwanza nakala ya laha. Kisha hamisha jumla kuu kutoka chini ya safu D kwenda F1, au popote nje ya safu hiyo, na ufute mstari wa jumla wenyewe ili usibaki na mabaki katika safu B na C yatakayohesabiwa kama agizo. Chagua safu D yote pamoja na kichwa chake na ubonyeze `Delete`. Ni lazima neno «Thamani» lililoandikwa kwa mkono liondoke, kwa kuwa sasa litatoka kwenye fomula. Bandika fomula katika D1. Ikiwa mipangilio ya nchi kwenye faili lako hutumia mkato kutenga desimali, fomula itakataliwa hadi ubadilishe kila mkato unaotenga sehemu za fomula kuwa nukta mkato. Mipangilio hiyo iko `File > Settings > Locale`.

Baada ya hapo gandisha mstari wa kwanza kupitia `View > Freeze > 1 row`. Hatua hii hurukwa mara nyingi, lakini ndiyo inayozuia kichwa, na sasa fomula, kuchanganywa na data mtu anapopanga laha nzima.

Hatimaye linda safu D. Mtu akiandika namba yake juu ya mojawapo ya matokeo, kwa mfano D9, fomula yote inaanguka na D1 inageuka `#REF!` inayotaja D9. Ukifuta alichoandika, kila kitu kinarudi. Ili asifike huko, nenda `Data > Protect sheets and ranges`, chagua safu D, na uweke `Show a warning when editing this range`. Onyo linatosha kwa wengi, na halimfungii mtu nje ya daftari.

Kwa nini seli tupu iwe tupu kweli

Katika fomula hizi nimeandika `IF(B1:B="",,...)`, yenye mikato miwili iliyofuatana, badala ya `IF(B1:B="","",...)` ambayo hupatikana kwingi. Kwa macho hazitofautiani. Lakini `""` ni maandishi yasiyo na herufi, na seli yenye maandishi hayo si tupu. COUNTA itaihesabu. Skripti inayotumia `appendRow` huandika chini ya mstari wa mwisho wenye kitu, na kwa kuwa safu D ina `""` hadi mwisho wa laha, agizo jipya litaandikwa baada ya mstari wa 1000, ambako hakuna atakayelitafuta. Ukiwahi kuona data mpya ikitua mbali chini huku katikati kuna weupe mtupu, anza kukagua hapo. Mikato miwili inaacha seli bila chochote.

Ukitaka seli ibaki tupu hata bei ikikosekana, usitumie OR. Ndani ya ARRAYFORMULA, OR haitoi jibu kwa kila mstari. Inakusanya safu zote na kutoa jibu moja, na fomula itaonekana kana kwamba imekataa kujitandaza. Jumlisha masharti badala yake:

```
=ARRAYFORMULA(IF(ROW(B1:B)=1,"Thamani",IF((B1:B="")+(C1:C=""),,B1:B*C1:C)))
```

AND ina tabia hiyo hiyo, na mahali pake panachukuliwa na alama ya kuzidisha. SUM, MAX na JOIN pia hukusanya yote kuwa jibu moja. Ukihitaji jumla ya kila mstari, tumia BYROW pamoja na LAMBDA.

Mtu akiandika «bado» mahali pa bei, mstari huo peke yake utaonyesha `#VALUE!`, na jumla ya F1 itafuata. Nisingelifunika kosa hilo kwa IFERROR, kwa sababu agizo lisilo na bei litakuwa limetoweka kwenye jumla bila taarifa.

Jaribio la mwisho

Usiamini safu kwa sababu haina wekundu. Katika G1 andika:

```
=SUM(D:D)-SUMPRODUCT(B:B,C:C)
```

SUMPRODUCT inazidisha idadi na bei moja kwa moja bila kupitia safu D, na huyachukulia maandishi ya vichwa kuwa sifuri. Jibu liwe 0. Sasa ingiza mstari mara chini ya kichwa na ujaze 3 na 900. Ingiza mwingine katikati. Kisha shuka hadi mwisho wa laha, bofya kitufe cha kuongeza mistari, na uandike agizo katika mojawapo ya mistari mipya. Baada ya kila hatua tazama G1. Ukijaribu hivyo hivyo na ile fomula ya mabano ya mawimbi, G1 itaonyesha -2700 mara tu agizo la kwanza litakapojazwa. Acha G1 ibaki pale hata baada ya majaribio. Siku itakapoacha kuwa 0, zidisha kwa mkono mstari wa kwanza chini ya kichwa, kisha fungua D1 uone eneo linaanza mstari upi.